Jinsi ya kugeuza voisi za saiti kuwa ripoti yenye hatua za kufuata

Swali linarudi kila wiki kwenye inbox, mtu katoka saiti na voisi kumi na kitu kwenye simu, bosi anataka ripoti kesho asubuhi na yeye hajui aanzie wapi. Basi naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena natuma hii. Mfano wangu ni ujenzi wa madarasa maana ndiyo kazi ninayoijua, ila hata kama wewe unakagua visima au zahanati mtiririko ni uleule.

Kabla hujaanza, elewa kwamba voisi sio ripoti iliyosubiri kuandikwa. Ukiwa saiti unaongea vitu vitatu kwa pumzi moja: ulichokiona kwa macho yako, ulichoambiwa na fomeni, na unachokihisi wewe. Kazi yako kubwa ni kuvitenganisha hivyo vitatu. Kuandika kwenyewe ni rahisi.

Vitu vya kuwa navyo

- Voisi zenyewe, zote, hata zile fupi za "haya nimefika"
- Picha ulizopiga siku hiyo
- Michoro ya jengo (ya karatasi au PDF, yoyote ile)
- Ripoti ya ziara iliyopita kama ipo
- Earphone. Usisikilize kwa spika ya simu ofisini, kwanza hutasikia vizuri, pili kuna maneno uliyoongea humo ambayo hutaki jirani ayasikie
- Namba ya fomeni, maana lazima kuna kitu utampigia kuuliza

Na fanya kazi hii siku hiyohiyo jioni. Ukilala tu, "ile ya pale karibu na mlango" hutajua tena ni mlango upi.

Hatua ya 1: Toa voisi kwenye simu na uzipange

Kama ulijirekodi kwenye WhatsApp (wengi tunajitumia wenyewe au tunatuma kwa mwenzetu ofisini), fungua hiyo chati kwenye simu ya Android, nenda kwenye vidoti vitatu, `More`, `Export chat`, halafu chagua `Include media`. Utapata mafaili yenye majina kama haya:

```
PTT-20250610-WA0004.opus
PTT-20250610-WA0005.opus
IMG-20250610-WA0009.jpg
```

Hizo namba za katikati ni tarehe, za mwisho ni mpangilio wa siku hiyo, lakini saa haimo kwenye jina. Kwa hiyo kabla ya kutoa, pitia chati na andika pembeni kila voisi ilitumwa saa ngapi. Weka vyote kwenye folda moja yenye tarehe na jina la mradi. Mafaili ya opus yanafunguka kwenye VLC bila shida, na VLC unaweza kupunguza spidi pale fomeni anapoongea haraka, wakati WhatsApp yenyewe inakuwezesha kuongeza tu.

Angalizo kuhusu picha: zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida zinapoteza taarifa za ndani kama saa na mahali zilipopigwa. Tumia zile za asili zilizoko kwenye kamera ya simu, kwa kawaida jina lake lina tarehe na saa kabisa, mfano `IMG_20250610_101412.jpg`. Hiyo ni saa 10:14 ya simu, yaani saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Usicheke, hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Kwenye voisi umesema "saa nne", simu inasema kumi, mwingine anaandika 4:00 tupu na msomaji anaelewa saa kumi alfajiri au saa kumi jioni. Chagua mfumo mmoja na uandike sehemu ya siku kila mara: saa 4:14 asubuhi.

Hatua ya 2: Sikiliza zote mara moja bila kuandika

Najua una haraka. Lakini mara nyingi voisi ya saba inarekebisha ya tatu ("ngoja, nilisema jengo A, hapana, hii ni B"), na kama ulishaandika utaanza kufuta. Weka spidi ya 1.5 ukipenda, raundi hii ni ya kujua kuna nini humo.

Hatua ya 3: Shusha maneno kwenye karatasi

Huhitaji kuandika neno kwa neno, hizo "eeh" na "yaani" acha. Lakini namba, majina ya sehemu na ahadi za watu ziandike kama zilivyosemwa. Ukitaka kuwahi, vaa earphone, sikiliza sentensi moja, isimamishe, halafu irudie kwa sauti yako ukitumia kipaza sauti cha kibodi ya simu kikiwa kwenye Kiswahili. Inasaidia kweli, ila isome tena, usishangae "ringi" ikitoka "rangi".

Hizi hapa voisi nne za mfano, ziara ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, shule ya msingi inajengewa majengo mawili. Humo lenta ni mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ringi ni vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo, biskuti ni vipande vya zege vinavyoinua nondo isiguse mbao, na jamvi ni sakafu ya zege. Nimeziacha zilivyo:

> Voisi 1, saa 4:12 asubuhi. Haya nimefika, fomeni yupo, fundi nondo yupo, stoo kipa hayupo ameenda mjini. Mawingu ila hakuna mvua.
>
> Voisi 2, saa 4:20. Jengo A kwenye lenta, ukuta wa kushoto, nondo nne za kumi na mbili sawa, ringi ziko mbali mbali, nimepima, ishirini na nane, thelathini, hapa ishirini na saba, mchoro ishirini. Halafu biskuti hakuna kabisa, nondo imelala kwenye mbao. Inabidi warekebishe kabla hawajamwaga. Wanamwaga keshokutwa anasema.
>
> Voisi 3, saa 4:35. Jengo B, jamvi wamemwaga Jumamosi, limekauka limepauka, kuna nyufa nyembamba pale karibu na mlango, hakuna gunia wala nini. Anasema wanamwagilia asubuhi na jioni, mimi naona hawamwagilii.
>
> Voisi 4, saa 4:50. Stoo, mifuko thelathini na nane, imelala chini kwenye udongo. Leja inasema arobaini na tano. Anasema saba imetoka leo asubuhi ya kujengea. Halafu wamesema madirisha yanakuja wiki ijayo.

Hatua ya 4: Ua maneno yanayotegemea ulikuwa umesimama wapi

Pita kwenye maandishi yako na kalamu nyekundu, uzungushie kila neno ambalo lina maana tu kwa mtu aliyekuwa pale siku ile. Kwenye mfano wetu yapo kibao.

"Ukuta wa kushoto" ni kushoto ukiwa umeangalia wapi? Fungua mchoro, tafuta jina la ukuta. Kama michoro ina mistari ya gridi tumia hiyo, kama haina tumia dira au kitu kisichohama: ukuta wa kaskazini, unaotazama barabara.

"Keshokutwa" igeuze tarehe: Alhamisi 12 Juni. "Jumamosi" ni 7 Juni. "Wiki ijayo" haigeuki tarehe, kwa hiyo hiyo ni simu ya kupiga.

"Wamesema" ni nani? Fomeni? Msambazaji? Mwalimu mkuu? Kiswahili kinakuruhusu kuficha mtu ndani ya "wa" na maisha yakaendelea, lakini kwenye ripoti mtu aliyeahidi lazima awe na cheo.

Halafu namba. "Nondo za kumi na mbili" ni unene, milimita 12. "Nondo kumi na mbili" ni idadi. Herufi mbili tu katikati, na kwa upepo wa saiti hazisikiki. Vilevile "tofali za sita" ni inchi 6, sio tofali sita. Kila namba iandikwe na kipimo chake, na kama voisi haikutaja kipimo usibahatishe, angalia picha. Kwenye voisi 2 "ishirini na nane" ni sentimita, najua kwa sababu picha inaonyesha futi kamba imelazwa juu ya nondo. Bila hiyo picha ningempigia fundi nondo.

Hatua ya 5: Gawa kila sentensi kwenye mafungu matatu

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua kila sentensi na uiulize: nimeiona au nimeipima? Nimeambiwa? Au nimewaza?

Tuchukue voisi 3 maana ndiyo yenye mtego. Mtu mgeni ataandika: "Mafundi hawamwagilii jamvi la jengo B." Umemaliza, na umejiingiza kwenye ugomvi, kwa sababu fomeni atasema alimwagilia saa kumi na mbili asubuhi, wewe ulifika saa nne, una ushahidi gani? Iandike hivi:

- *Nimeona:* Saa 4:35 asubuhi uso wote wa jamvi la jengo B (lililomwagwa Jumamosi 7 Juni) ulikuwa mkavu na umepauka. Hakukuwa na gunia, mchanga wala nailoni juu yake. Kuna nyufa nyembamba karibu na mlango wa mbele, picha namba 5. Upana na urefu havikupimwa.
- *Nimeambiwa:* Fomeni anasema jamvi linamwagiliwa asubuhi na jioni.
- *Maoni yangu:* Kumwagilia mara mbili bila kufunika hakutoshi. Zege lilitakiwa kuwa na unyevu muda wote kwa siku 7 angalau.

Umeona? Hujamwita mtu mwongo, na hoja yako imekuwa nzito kuliko mwanzo, kwa sababu hata kama fomeni anasema kweli, jamvi bado lilikuwa kavu saa nne.

Stoo vilevile. Mifuko ya saruji, leja 45, stoo 38. Usiandike "mifuko 7 imepotea" wala kitu kinachonusa wizi. Andika: iliyohesabiwa 38, leja inaonyesha 45, tofauti 7, fomeni anasema imetoka leo asubuhi kwa kujengea, stoo kipa hakuwepo. Maelezo yake yanaingia akilini, ila bado ni maelezo. Yanapimika kirahisi: mifuko 7 ya kujengea inaacha ukuta, na mifuko mitupu iko mahali.

Hatua ya 6: Geuza kila "inabidi" kuwa hatua

Tafuta kwenye maandishi yako "inabidi", "lazima", "wanatakiwa", "ingekuwa vizuri", na malalamiko yote hata kama hayana neno hilo. Kila moja itoke na vitu vinne: nini kifanyike, nani, mwisho lini, na tutajuaje kwamba imefanyika. Hicho cha nne watu wanakiruka, na ndicho kinachofanya ziara ijayo usianze kubishana upya.

"Nani" awe mtu mmoja. Ukiandika "mkandarasi na kamati ya ujenzi" umeandika hakuna mtu.

Kwa voisi zetu inatoka hivi:

| Na. | Kifanyike nini | Nani | Mwisho | Tutajuaje |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Zege la lenta jengo A lisimwagwe mpaka namba 2 na 3 zikaguliwe | Fomeni | Kuanzia sasa | Injinia asaini kitabu cha saiti |
| 2 | Ringi zipangwe kila sm 20 lenta yote, sio ukuta wa kaskazini peke yake | Fundi nondo | Jumatano 11 Juni, saa 10 jioni | Picha yenye futi kamba, sehemu tatu kila ukuta |
| 3 | Biskuti ziwekwe chini na pembeni mwa nondo | Fundi nondo | Jumatano 11 Juni, saa 10 jioni | Picha, nondo isiguse mbao popote |
| 4 | Jamvi jengo B lifunikwe kwa gunia au mchanga, liwe na unyevu mpaka Jumamosi 14 Juni | Fomeni | Leo jioni | Picha kila siku saa 4 asubuhi na saa 9 mchana |
| 5 | Nyufa zipimwe upana na urefu, miisho iwekwe alama ya penseli na tarehe | Fomeni | Jumatano 11 Juni | Picha yenye rula. Ziara ijayo tuangalie kama zimepita alama |
| 6 | Saruji ipandishwe juu ya mbao, iachane na ukuta | Stoo kipa | Jumatano 11 Juni | Picha ya stoo |
| 7 | Leja iandikwe matumizi ya 10 Juni, mifuko ihesabiwe upya | Stoo kipa | Leo jioni | Picha ya ukurasa wa leja |

Angalia mpangilio. Sikufuata mpangilio wa voisi, nimefuata kinachozuia kingine. Lenta inamwagwa Alhamisi, zege likishamwagwa hizo ringi hakuna atakayeziona tena na kurekebisha ni kuvunja, ndiyo maana namba 1 ni kusimamisha. Saruji iliyolala chini ni mbaya lakini itasubiri kesho.

Na namba 2, "lenta yote". Nilipima ukuta mmoja tu, sehemu tatu. Siwezi kuandika kwamba lenta yote imekosewa, hilo sikuliona, lakini naweza kuagiza lenta yote ikaguliwe. Madirisha sikuyaweka kwenye jedwali kwanza, mpaka nijue "wamesema" ni nani.

Hatua ya 7: Piga simu moja

Kabla ya kuandika ripoti yenyewe mpigie fomeni, na umsomee kwanza hatua ya kusimamisha zege. Usisubiri PDF itumwe kesho saa tano wakati mashine ya kuchanganyia imeshakodiwa. Kisha maliza maswali yako yote: madirisha ameahidi nani, tarehe gani, nyufa zilianza kuonekana lini. Majibu yote yanaingia kwenye fungu la "nimeambiwa", pamoja na "kwa simu, 10 Juni saa 12 jioni".

Hatua ya 8: Andika ripoti, kurasa mbili

Mpangilio ninaoutumia:

1. Mradi, tarehe, saa za kufika na kuondoka, hali ya hewa, waliokuwepo na vyeo vyao (na ambao hawakuwepo, kama stoo kipa wetu)
2. Hatua za kufuata, lile jedwali
3. Kazi ilipofikia, mistari miwili mitatu kwa kila jengo
4. Niliyoyaona na kuyapima
5. Niliyoambiwa
6. Maoni
7. Hatua za ziara iliyopita: imefanyika, haijafanyika, nusu
8. Picha zenye namba

Wengi wanaweka jedwali mwishoni, mimi naliweka juu kwa sababu nawajua wasomaji wangu, wanafungua kwenye simu, wanasoma skrini ya kwanza wanafunga. Kila picha iitwe angalau mara moja kwenye maandishi, ambayo haiitwi itoe. Picha sita zinazoeleweka zinatosha ziara kama hii.

Ripoti ikishatoka usifute voisi. Zihifadhi mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani ule muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, maana nyufa za jamvi zinaweza kuleta maswali baada ya miezi. Ila usizitume kwenye grupu la mradi, zina maneno yako ya moja kwa moja ambayo hukuyachuja.

Shida zinazojirudia

*Upepo au mashine imeficha maneno.* Jaribu earphone na spidi ya chini mara mbili, ikigoma andika [haisikiki, sekunde 14] na uendelee. Kama kilichopotea ni namba, usiijaze kwa kumbukumbu bila kusema. Ziara ijayo geuka mgongo kwenye upepo na ushike simu karibu na mdomo, kisha kila kipimo kitamke mara mbili: "ishirini na nane, mbili nane, sentimita".

*Voisi inasema 28, picha inaonyesha 26.* Picha inashinda kama futi kamba inasomeka vizuri na imenyooka. Kama imepigwa kwa pembeni, andika zote mbili na uombe ipimwe tena.

*Hukupima.* Andika "haikupimwa". Ni neno halali kabisa kwenye ripoti, na linageuka hatua ya kufuata, kama nyufa zetu hapo juu.

*Fomeni anakataa hakusema hivyo.* Kama voisi ni maelezo yako wewe baada ya kuongea naye, huna sauti yake, una kumbukumbu yako tu. Weka kauli yake mpya pembeni ya ile ya kwanza, zote na tarehe zake, na usifute ya kwanza. Njia ya kuzuia hili ni kumsomea yale ya "nimeambiwa" kabla hujaondoka saiti, akuwekee saini kwenye kitabu.

*Jedwali limefika hatua ishirini.* Umechanganya kasoro na matengenezo ya kawaida. Bakiza yale yanayogusa uimara, usalama, pesa au yanayozuia kazi ya wiki hiyo, mengine yapeleke kwenye maoni na mwambie fomeni kwa mdomo.

*Hatua ileile inarudi ripoti ya tatu sasa.* Acha kuiandika kama mpya. Ibaki na namba yake ya zamani, tarehe ya kwanza ilipoandikwa, na mara ngapi imesogezwa mbele, kisha badilisha "nani" apande ngazi moja juu.

*Voisi moja ndefu ya dakika kumi na kitu, jengo A na B zimechanganyika.* Isikilize na uandike dakika kila unapohama sehemu, mfano 0:00 lango, 2:40 jengo A, 6:15 stoo, 8:05 umerudi A. Halafu shusha maneno kwa sehemu, sio kwa mpangilio wa voisi, yaani ukimaliza 2:40 ruka moja kwa moja mpaka 8:05.